Gawio Linalofutwa

Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni kubwa inayomiliki kampuni nyingine, ukakae kwenye kurasa za hesabu. Utakuta safu mbili zinazokaa bega kwa bega: moja imeandikwa "Kampuni", nyingine "Kundi". Chukua mfano wa KCB Group ya Nairobi. Tangu Januari 2016, kampuni iliyo juu kabisa haifanyi tena kazi ya benki. Haipokei amana wala haikopeshi mtu. Kazi yake ni kumiliki: ina benki yake Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko, na Desemba 2022 ilinunua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank ya Kongo. Kampuni ya namna hii huishi kwa gawio. Benki zilizo chini yake zikipata faida na kuigawa, sehemu yake hupanda juu, na katika safu ya "Kampuni" hayo ndiyo mapato yenyewe.

Kisha hamisha jicho upande wa "Kundi". Mapato ya riba yapo, ada zipo, mishahara ipo, ila lile gawio halimo. Halikupunguzwa wala kuhamishiwa mstari mwingine; limefutwa lote. Wasomaji wengi huona hapo kama kuna kitu kimefichwa. Kwa kweli lingeachwa, ndipo wangedanganywa, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha hilo.

Tuseme kuna kampuni ya kusaga unga jijini Mwanza. Tuiite mama. Inamiliki asilimia 80 ya kiwanda kinachotengeneza mifuko ya kufungashia, na asilimia 20 iliyobaki iko mikononi mwa familia iliyokianzisha kiwanda hicho. Kiwanda ndiyo kampuni tanzu. Ili tusichanganyikiwe, tuchukulie kwamba hawauziani chochote, na tuiweke kodi ya gawio kando kwa sasa.

Mwaka huu mama imepata faida ya shilingi milioni 300 kutokana na unga. Kiwanda kimepata milioni 200 kutokana na mifuko. Wanahisa wa kiwanda wanakutana, wanaidhinisha gawio la milioni 100, na nusu nyingine ya faida inabaki kiwandani. Kati ya hizo 100, mama inapokea 80 na familia inapokea 20. Katika vitabu vyake, mama inaandika mapato ya gawio ya milioni 80, kwa hiyo faida yake inasomeka milioni 380.

Sasa mhasibu wa kundi anazichukua hesabu za pande zote mbili na kuzijumlisha mstari kwa mstari, kwa sababu hesabu za kundi huandikwa kana kwamba mama na tanzu ni biashara moja. Akijumlisha faida bila kufuta kitu, 380 ya mama na 200 ya kiwanda, anapata milioni 580. Hapo ndipo kosa lilipo. Nje ya kundi, wateja wa unga wameleta faida ya 300 na wateja wa mifuko wameleta 200, jumla 500. Hakuna mteja wa tatu aliyeleta 80 nyingine. Hizo 80 zimo tayari ndani ya 200 za kiwanda. Ni sehemu ya faida ileile, iliyotoka mfuko wa kushoto ikaingia mfuko wa kulia. Ukiiandika tena kama mapato, umeihesabu faida moja mara mbili: mara ya kwanza ilipopatikana, mara ya pili ilipohama.

Hii ndiyo sababu yote. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 10, kilichoanza kutumika Januari 2013, kinaagiza mapato, matumizi, madeni na mtiririko wa fedha kati ya kampuni za kundi moja vifutwe kikamilifu. Neno la kuzingatia hapo ni kikamilifu. Kwa kuwa mama inamiliki asilimia 80 tu ya kiwanda, mtu anaweza kudhani atafuta asilimia 80 ya zile milioni 80. Hapana. Zinafutwa zote, kwa sababu hakuna hata shilingi moja kati yake iliyoletwa na mtu wa nje.

Ila kuna zile milioni 20 za familia, na hapa ndipo penye utamu wa somo hili. Fedha hizo zimetoka kweli. Familia haimo ndani ya kundi. Ni wanahisa wachache wenye haki yao kwenye kiwanda, na fedha walizopokea haziwezi tena kununua ngano wala malighafi ya mifuko. Kwa hiyo gawio lao halifutiki, lakini pia haliandikwi kama gharama, maana kumgawia mwenye mali sehemu ya faida yake si matumizi ya biashara. Linapunguza sehemu yao kwenye mtaji wa kundi, mstari unaoitwa maslahi ya wanahisa wachache.

Mhasibu huandika ingizo lake kwenye karatasi ya ujumuishaji, ile yenye safu ya mama, safu ya tanzu, safu ya marekebisho na mwisho safu ya kundi. Anadebiti mapato ya gawio milioni 80, na mstari huo unakuwa sifuri. Anadebiti maslahi ya wanahisa wachache milioni 20. Kisha anakrediti gawio lililotolewa na kiwanda, milioni 100, kwenye faida iliyolimbikizwa ya tanzu. Pande mbili zinalingana. Ingizo hili haliingii kwenye vitabu vya mama wala vya kiwanda. Linakaa kwenye karatasi ile tu, na mwaka ujao ujumuishaji utaanza upya kutoka vitabu vya kila kampuni.

Ukitaka kujua kama kazi imefanyika sawasawa, usianze na faida. Anza na wale wanahisa wachache. Tuseme mwanzoni mwa mwaka mali halisi ya kiwanda, yaani mali ukitoa madeni, ilikuwa milioni 600. Sehemu ya familia ni asilimia 20, yaani 120. Ongeza sehemu yao ya faida ya mwaka, asilimia 20 ya 200, ambayo ni 40. Toa gawio walilopokea, 20. Unapata 140. Sasa pima kwa njia ya pili: mali halisi ya kiwanda mwishoni ni 600, ongeza faida 200, toa gawio 100, sawa na 700. Asilimia 20 ya 700 ni 140. Njia zote mbili zimefika mahali pamoja. Zisipofika, aghalabu ni kwa sababu mtu amefuta gawio la mama na kusahau la familia, au amelifuta la familia nalo kana kwamba halikutoka.

Na ile faida ya kundi ya milioni 500 hugawanywa chini ya taarifa ya mapato: 40 ni za familia, 460 ni za wanahisa wa mama. Angalia kwamba 460 ni 300 za unga na asilimia 80 ya faida yote ya mifuko, yaani 160. Wanahisa wa mama wamepewa sehemu yao ya faida nzima ya kiwanda, iliyogawiwa na isiyogawiwa. Kiwanda kingegawa milioni 10 au milioni 200, au kisigawe kabisa, jibu lingebaki 460. Hapo tunaona kwamba kuliacha gawio lisomeke katika hesabu za kundi kungewapa wakurugenzi uwezo wa kupandisha na kushusha faida kwa azimio la mkutano tu, bila kuuza mfuko hata mmoja zaidi.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Chukua tena mama yetu katika mwaka mbaya. Bei ya ngano imepanda, unga umedoda, na biashara yake imepata hasara ya milioni 50. Kiwanda nacho kimepata faida ndogo, milioni 20 tu, lakini kina faida ya miaka iliyopita, milioni 400, iliyolimbikizwa bila kugawiwa. Wakurugenzi wa mama wanakidhibiti kiwanda, hivyo wanahakikisha kinatangaza gawio la milioni 150. Mama inapokea 120. Katika hesabu zake peke yake, hasara ya 50 imegeuka faida ya milioni 70. Mwenye hisa anayeziona hesabu hizo tu atalala usingizi mzuri. Hesabu za kundi zinaeleza habari nyingine: hasara ya 50 ya unga, faida ya 20 ya mifuko, jumla hasara ya milioni 30. Na ukitoa 4 ambazo ni faida ya familia, wanahisa wa mama wamebeba hasara ya milioni 34. Hakuna aliyeghushi kitu. Gawio lilikuwa halali, akiba ilikuwepo, fedha zililipwa. Hesabu za mama hazina uongo, ila zinajibu swali tofauti na lile ambalo mwenye hisa analo kichwani.

Kwa muda mrefu hesabu za mama peke yake ndizo kampuni nyingi zilizotoa kwa umma. Marekani, kampuni ya chuma ya United States Steel ilitoa hesabu za kundi zima mapema, kwa mwaka wa 1902, lakini Uingereza ilichelewa, na ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 1948 iliyozilazimisha kampuni mama kutoa hesabu za kundi. Sheria hiyo ndiyo iliyokuwa kielelezo cha sheria ya zamani ya makampuni ya Kenya, iliyotumika mpaka ilipotungwa mpya mwaka 2015. Kwa hiyo wahasibu wa Kenya waliusoma ujumuishaji kupitia mlango huo, kabla viwango vya kimataifa havijaingia.

Katika kazi ya kila siku, gawio hufutika kwa urahisi pale ambapo pande zote mbili zimeandika kiasi kilekile, kwa tarehe ileile. Taabu huanza zinapotofautiana, na sehemu kubwa ya taabu hiyo husababishwa na mambo mawili.

La kwanza ni tarehe. Bodi ya kiwanda ikipendekeza gawio mwezi Desemba, na wanahisa wakaliidhinisha Machi, gawio hilo ni la Machi. Mpaka hapo kiwanda hakina deni, na mama haina haki ya kudai. Lakini mhasibu wa mama, aliyekuwa kwenye kikao cha Desemba au aliyeletewa muhtasari wake, huliandika kama mapato kabla mwaka haujaisha. Siku ya ujumuishaji, upande wa mama kuna mapato ya 80 na mdaiwa wa 80. Upande wa kiwanda hakuna kitu. Ukifuta kwa nguvu, karatasi inabaki na tofauti. Dawa si kuingiza deni la kubuni kwenye vitabu vya kiwanda ili namba zilingane. Dawa ni kurudi kwenye vitabu vya mama na kuliondoa gawio ambalo mwaka huo halikuwa lake bado.

Hali ni nyingine ikiwa wanahisa waliidhinisha gawio kabla ya mwaka kwisha lakini fedha hazijalipwa. Hapo kiwanda kina deni la milioni 100 na mama ina mdaiwa wa 80. Katika mizania ya kundi, mdaiwa wa 80 anafutwa pamoja na 80 za deni, kwa kuwa mtu hawezi kujidai mwenyewe. Zile 20 za familia zinabaki kama deni halisi la kundi, na msomaji atazikuta miongoni mwa madeni ya muda mfupi.

La pili ni kodi ya zuio. Tanzania, kampuni mkazi inayomiliki robo au zaidi ya hisa za kampuni nyingine mkazi hukatwa asilimia 5 ya gawio. Kwa hiyo kati ya milioni 80, milioni 4 zinakwenda Mamlaka ya Mapato na 76 ndizo zinazoingia benki. Mhasibu mwenye haraka anafungua taarifa ya benki, anaona 76, anaandika mapato ya 76. Kiwanda kimeandika 80. Tofauti ya 4 inabaki ikining'inia, na nimeona watu wakiitafuta siku nzima kwenye mauzo na mikopo, mahali ambapo haikuwahi kuwepo. Kilichotakiwa ni mama iandike mapato ya gawio 80 na gharama ya kodi 4. Kisha 80 zinafutwa, na 4 zinabaki.

Tuziangalie vizuri hizo 4, kwa sababu zinaeleza kanuni nzima kuliko maneno mengi. Gawio limefutwa kwa kuwa halikutoka nje ya kundi. Kodi iliyolikata gawio hilo imetoka, imekwenda serikalini, hairudi. Kwa hiyo kuhamisha fedha kutoka tanzu kwenda mama, jambo lisiloongeza faida ya kundi hata senti, linaweza kuipunguza kwa gharama halisi. Faida ya kundi letu inashuka kutoka 500 hadi 496. Kwa makundi yenye kampuni tanzu nchi mbalimbali, ambako kila nchi ina kiwango chake cha kodi ya gawio linalovuka mpaka, gharama hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wakurugenzi waziache faida zikae kule zilikopatikana.

Kuna gawio moja ambalo huwapa shida hata wahasibu waliobobea, nalo ni lile linalotolewa kutoka faida iliyopatikana kabla mama haijainunua kampuni tanzu. Tuseme mama yetu inanunua kampuni nyingine yote kwa milioni 700, bei inayolingana na mali halisi iliyomo, ikiwemo fedha taslimu milioni 150. Mwezi unaofuata kampuni hiyo inatoa gawio la milioni 100, lote kutoka faida za zamani. Je, mama imechuma milioni 100? Katika maisha ya kawaida tungesema imerudishiwa sehemu ya bei iliyolipa. Na mpaka mwaka 2008 viwango vya kimataifa vilisema hivyohivyo: gawio kama hilo lilipunguza gharama ya uwekezaji, halikuwa mapato. Tangu 2009 utaratibu umebadilika. Katika hesabu za mama peke yake, gawio lote ni mapato, lakini mama inatakiwa kujiuliza kama uwekezaji wake bado una thamani iliyoandikwa. Katika mfano huu umeandikwa 700 huku kampuni iliyonunuliwa imebaki na mali halisi ya 600. Pasipo sababu nyingine ya kuishikilia thamani hiyo, mama itaandika hasara ya kushuka kwa thamani ya 100, na furaha ya lile gawio inazimwa na hasara hiyo.

Katika hesabu za kundi, safari yote hiyo haionekani. Gawio la 100 linafutwa, hasara ya kushuka kwa thamani ya uwekezaji nayo inafutwa, kwa kuwa uwekezaji wenyewe haumo kwenye mizania ya kundi; mahali pake zimewekwa mali na madeni ya kampuni iliyonunuliwa. Kilichobaki ni milioni 100 taslimu zilizokuwa akaunti ya tanzu na sasa ziko akaunti ya mama. Jumla ya fedha za kundi ni ileile. Nionavyo mimi, huu ndio mfano unaoonyesha waziwazi zaidi kwa nini mnunuzi wa hisa anapaswa kuanza na safu ya kundi anapotaka kujua biashara inachuma nini.

Lakini asiishie hapo. Safu ya "Kampuni" ina kazi ambayo safu ya kundi haiwezi kuifanya. Kundi si mtu kisheria. Halina akaunti ya benki, haliwezi kushtakiwa, na haliwezi kutangaza gawio. Anayewalipa wanahisa wa mama ni mama yenyewe, kutoka faida iliyomo kwenye vitabu vyake yenyewe. Kundi linaweza kuripoti faida nono, wakati sehemu kubwa ya faida hiyo imekaa kwenye kampuni tanzu ambayo msimamizi wa benki wa nchi yake ameizuia kugawa mpaka mtaji wake utimie, au ambayo fedha za kigeni hazipatikani nchini mwake za kuvusha gawio mpakani. Faida hiyo ni ya kweli na imo katika hesabu za kundi, ila haijafika mahali ambapo mwenye hisa anaweza kulipwa.

Kwa hiyo mwenye hisa anayetaka kukisia gawio lake la mwakani asome mistari mitatu. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha ya "Kampuni", atafute gawio lililopokelewa kutoka kampuni tanzu, alilinganishe na gawio ambalo mama imewalipa wanahisa wake mwaka huohuo. Iwapo mama imelipa kuliko ilivyopokea, imetumia akiba au imekopa, na maelezo ya hesabu yataonyesha ni kipi kati ya hivyo viwili. Kisha, katika mtiririko wa fedha wa "Kundi", sehemu ya shughuli za kifedha, atafute gawio lililolipwa kwa wanahisa wachache. Likiwa kubwa, ina maana kwamba kila mara mama inapovuta fedha kutoka kwenye tanzu hiyo, sehemu nyingine inakwenda kwa watu wengine. Katika kiwanda chetu, ili mama ipate milioni 80, ilibidi milioni 20 ziende kwa familia.